Tulimzika Mbele ya Watu

Safari iliyonifikisha Kyela ilichukua karibu mwaka mzima, kwa sababu sikuwa nakwenda Kyela. Nilitoka kwetu upande wa Sengerema nikiwa na begi la nguo na mfuko wa zana: mwiko, pima maji, timazi na kamba. Nikajenga vyoo vya shule Kahama, nikapiga lipu nyumba ya wageni Tabora, nikakaa Chunya mpaka mwenye kazi alipotukimbia na saruji ikiwa imeshachanganywa. Kila mahali nilikaa hadi watoto wakaanza kunisalimia kwa jina, na nikishafika hapo miguu huanza kuwasha. Ramani niliisoma hadi kidato cha nne, na tangu wakati huo nimekuwa mtu wa kwenda kuangalia kama ilisema kweli.

Mbeya nilipata lori lililobeba mabati na saruji. Dereva alisema kule chini watu wanajenga kwa hela ya kakao na mafundi ni wachache. Tukapita Tukuyu kwenye ukungu na mashamba ya chai, nimejikunyata ndani ya koti. Barabara ikaanza kushuka. Nikavua koti, kisha sweta, na tulipofika bondeni nilikuwa nimebaki na singilendi. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu ya kakao iliyovundikwa, uchachu unaoingia puani kama siki. Mbele yetu mashamba ya mpunga, na mbali zaidi Ziwa Nyasa limelala chini ya milima.

Dukani nilikoshukia, mama muuza duka alinisalimia, "Ugonile," nikabaki nimetoa macho, akacheka na kunifundisha kuitikia. Akauliza nimetokea wapi.

"Sengerema."

Kicheko kikakatika. "Aa. Kule wanakokata watu."

Hakuwa na nia mbaya. Aliendelea kunipimia sukari. Lakini nilijua anamaanisha nini, na nilijua kwamba nimeingia mahali hapo nikiwa nimebeba mkoa mzima mgongoni.

Aliyenipa kazi ya kwanza, huko Bujonde, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa mwanamke mwenye ualbino, wa umri kama wangu, aliyevaa kofia ya ukindu pana kama ungo na gauni la mikono mirefu katika joto lililotuvua wengine mashati. Alisogeza uso wake karibu na wangu kuliko watu wanavyozoea. Macho yake yalikuwa yakichezacheza, kushoto na kulia, bila yeye kutaka.

"Usiogope, fundi," alisema. "Ukisimama pale nakuona kama ukungu. Nataka kuujua uso wa mtu ninayemwachia nyumba."

Alitaka kibaraza chenye paa refu upande wa mashariki, ili kaka yake aliyekuwa mgonjwa akae nje bila kupigwa na jua. Kaka naye alikuwa na ualbino. Wazazi wao, ambao walikuwa wameshafariki, walikuwa weusi wote wawili, na kati ya watoto wao, hawa wawili tu ndio waliozaliwa hivyo. Sasa nyumbani pale waliishi mwalimu, binti yake mdogo mweusi tititi, kaka mtu, na baba yao mdogo, mzee mwembamba mwenye shamba la mpunga na kakao, asiyepoteza maneno.

Kaka mtu alikuwa akikaa kitini na kuniangalia nikipanga matofali. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umefungwa bandeji. Chini yake sikio lilikuwa limekwisha na shingo imevimba tezi.

"Fundi, unaniangalia kwa wizi," aliniambia siku ya pili. "Niangalie tu waziwazi. Mimi ni ukuta uliosahaulika kupakwa rangi."

Nikaona aibu, kisha nikacheka, na tangu hapo tukawa tunaongea. Ndiye aliyenieleza jinsi nyumba moja ilivyotoa mwalimu na mgonjwa. Alipoanza shule walimkalisha nyuma kwa sababu alikuwa mrefu. Ubaoni hakuona kitu. Mwalimu wake akasema kichwa chake kizito, na kwamba watu wa aina yake ndivyo walivyo. Baba akamtoa, akampeleka kuwinga ndege kwenye mpunga. Kutwa nzima kichwa wazi, jua la Kyela likimchoma na jingine likimrudia kutoka kwenye maji ya jaruba. Mdogo wake alipofikia umri wa shule alipata mwalimu mwingine, aliyemleta dawati la mbele, akamruhusu kuinuka na kuusogelea ubao, akamwambia mama amshonee mikono mirefu.

"Tofauti yetu ni dawati," alisema. "Dawati na kofia."

Kidonda kilianza kama ukoko mdogo juu ya sikio. Kikapona, kikarudi, kikakataa kupona. Walikipaka majani, wakaambiwa amerogwa, wakapoteza muda. Alipofika hospitali Mbeya saratani ilikuwa imeshateremka shingoni. Mwalimu alinieleza mambo haya kwa sauti ileile ambayo nadhani alifundishia hesabu: ngozi yetu sisi wengine ina rangi inayokinga, na ngozi yao haina, au inayo kidogo sana. Jua linaloniacha mimi na jasho linawaachia wao kidonda. Kinachowaua mapema watu wengi wenye ualbino ni hicho, na kinazuilika kwa kofia, nguo ndefu, kivuli, mafuta ya kukinga jua, na kwenda kliniki ukoko ungali mdogo.

Pembeni ya njia palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Mwalimu akipita kwenda shule, mmoja wao, kijana mwenye kofia nyekundu, aliimba, "Dili hilo, dili linatembea!" Wenzake wakicheka. Mwalimu alipita kama aliyepuliziwa vumbi. Siku moja alisimama.

"Hujambo, mwanangu? Mama yako nilimfundisha kusoma. Mwambie nimekusalimu."

Wenzake wakamcheka yeye safari hiyo. Lakini neno lenyewe halikuwa la mzaha, na sote tulijua. Dili maana yake ni mali. Maana yake kuna mtu mahali fulani aliyeambiwa na mganga kwamba kiungo cha mwili ule kitajaza nyavu au kutoa dhahabu, na yuko tayari kulipa.

Kibaraza nilikimaliza. Nikapata kazi nyingine za sakafu za kuanikia mpunga, nikapanga chumba jirani. Kaka mtu alizidi kuishiwa. Ndipo siku moja, nikiwa nakula kwa mama lishe karibu na mnada, mwanaume nisiyemfahamu akaja kukaa mbele yangu. Alivaa vizuri. Aliniagizia soda ambayo sikuiomba.

"Wewe ndiye fundi wa kwa mwalimu?"

"Nimemaliza kule."

"Kuna kazi inakuja kule." Alitabasamu. "Mgonjwa yule hana muda. Watakuita wewe. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, kaburi ni ndani au nje. Na unene wa zege. Basi. Wewe ni mtu wa kule kwetu, tunaelewana."

Hakuwa mtu wa kule kwetu, lafudhi yake ilimkataa. Nilisema nakwenda kunawa mikono, nikatokea uani na kwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji. Tuliporudi na mgambo, soda ilikuwa palepale, haijaguswa, na mtu hayupo. Mtendaji aliandika maelezo yangu, akapiga simu polisi, kisha akaweka kalamu chini.

"Kwa nini alikuja kwako?" aliuliza.

Nikasema kwa sababu mimi ni fundi.

"Mafundi wapo. Kwa nini wewe?"

Jioni hiyohiyo Bujonde nzima ilikuwa na swali hilo. Mama wa duka alinihudumia bila kuniangalia. Nilipokwenda kumweleza mwalimu, baba mdogo alisimama mlangoni na panga la kufyekea, si kwa kunitisha, alikuwa ametoka shambani, lakini hakuliweka chini. Mwalimu ndiye aliyesema, "Baba, angetaka kuwasaidia asingekuja kutuambia." Mzee akasogea nusu hatua. Nusu ile ndiyo niliyopitia.

Kaka mtu alifariki asubuhi moja, mvua za kupandia zikiwa zimekaribia. Nilisikia vilio vya wanawake nikaenda, na kabla sijatoa pole baba mdogo alinishika mkono, akaniingiza chumbani kwa marehemu na kufunga mlango.

"Pima hapa," alisema, akionyesha sakafu. "Utachimba humuhumu, kesho kabla ya kupambazuka tumeshamaliza. Zege nene. Watu wakija wataambiwa tumeshazika."

Nilitoa futi mfukoni kwa sababu mikono ilihitaji la kufanya. Mlango ukafunguka. Mwalimu aliingia, macho yake mekundu, akaona futi imenyooka juu ya sakafu.

"Hapana," alisema.

"Mwanangu, hujui unachosema. Umesikia mwenyewe wanaulizia."

"Nimesikia. Ndiyo maana nasema hapana. Kaka yangu akizikwa gizani, kesho watu watasema nini?"

Mzee aliitazama futi.

"Sema, baba. Watasema nini?"

"Watasema amepotea."

Imani hiyo nilikuwa naijua, hata kwetu ipo. Wanasema watu wenye ualbino hawafi, wanatoweka tu, kwa sababu si watu kamili, ni mizimu. Bujonde ilikuwa na ushahidi wake. Shangazi wa huyu mzee, naye mwenye ualbino, alikuwa mfinyanzi, aliyeolewa upande wa ziwani na kurudi nyumbani uzeeni. Wakati ule habari za mauaji zilipokuwa zikitangazwa redioni kila mara, bibi yule akatoweka. Watu walikuta msiba usio na maiti. Wengine walisema aliingia ziwani na mtungi wake. Wengine walisema familia ilizika mgomba badala ya mwili. Hadithi hiyo nilisimuliwa na watu wa kila rika, na kila mara ilimalizika hivyo hivyo: unaona, hawafi.

"Mtu anayeamini mimi sifi," mwalimu alisema, "haoni kama ananiua akinikata. Anaona anavuna. Mkimficha kaka, mnanitoa kafara mimi. Na mtoto yeyote mwingine wa hivi atakayezaliwa hapa."

"Na nikimweka uani wakaja kumfukua?" Sauti ya mzee ilipasuka. "Nitakulaza wewe wapi usiku huo? Eh? Fundi, sema wewe. Zege gani halivunjiki?"

Wakaniangalia wote wawili. Ningeweza kumpa mzee jibu alilolitaka.

"Hakuna," nilisema. "Mtu mwenye nyundo kubwa na muda anavunja chochote. Tena zege bichi halihitaji hata nyundo. Siku ya kwanza unaliparua kwa jembe. Linaanza kushika vizuri baada ya juma, na linaendelea kukomaa hadi mwezi. Ukizika kwa siri, siku hizo za mwanzo ni za hatari kuliko zote, na hutakuwa na mtu. Utakuwa umewafukuza waombolezaji."

Mzee alikaa kwenye kitanda kitupu. Kwao msiba si wa saa mbili. Wanaume hulala nje, wameketi kwenye majani ya migomba, siku baada ya siku, hadi matanga yavunjwe. Nimeona uani kumejaa watu kwa ajili ya mtu ambaye hawakumpenda, kwa sababu kutokulala msibani ni aibu usiyoweza kuifuta. Mwalimu alielewa mara moja nilikoelekea, kabla sijamaliza.

"Baba, tukimzika mbele yao, wao wenyewe ndio watalinda. Bila kuombwa. Kijiji kizima kitalala juu ya zege mpaka likauke."

"Pamoja na wanaotuita dili?"

"Pamoja na hao. Waacheni wamuone usoni kwanza."

Mzee alipapasa ubao wa kitanda. Halafu akasema jambo ambalo mwalimu mwenyewe hakuwa analijua, niliona kwa jinsi alivyojishika ukutani.

"Shangazi yuko stoo," alisema. "Chini ya magunia ya mpunga. Mimi na baba yako tulimzika usiku. Tukaapa. Watu wakaanza kusema amepotea, nikaona ni afadhali, hakuna atakayemtafuta. Nimekaa nikisikiliza uongo huo miaka yote, na kila nikiusikia nashukuru."

Mwalimu alikuwa akiingia na kutoka stoo ile tangu usichana. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Kumbe ni sisi tuliowapa hadithi hiyo."

Kaburi lilichimbwa mbele ya nyumba, hatua chache kutoka njiani, mahali ambapo jirani wa kila upande angeliona akifungua mlango. Nilijenga kuta za ndani kwa tofali za kuchoma na saruji. Nikafunga wavu wa nondo kwa waya, nikiupima mara mbili, huku vijana wakinibebea kokoto na mchanga wa mto bila kunisemesha. Niliwasikia wakinong'ona. Mmoja alisema waziwazi, "Huyo ndiye anayejua unene." Nilimwita, nikamshikisha nondo, nikamwonyesha kila kitu, unene, nafasi kati ya nondo, kipimo cha mchanganyiko. Nikawaita na wengine. Kama siri ilikuwa ni ya kuniua, niliigawa kwa wote.

Watu walikuja kutoka Mwaya, Talatala, hadi ziwani. Wengi, nadhani, walikuja kuona kama kuna maiti. Baba mdogo aliagiza jeneza lifunguliwe upande wa kichwa, chini ya turubai, na watu wapite kuaga. Mama mmoja mjamzito alikuwa amejifunika khanga tumboni na kutazama pembeni, ili mtoto wake asije akazaliwa hivyo. Mwalimu alimwendea, akamshika mkono, wakapita pamoja. Yule kijana wa kofia nyekundu alipita kofia ikiwa mkononi. Alisimama muda mrefu kuliko heshima inavyodai. Bandeji iliuficha upande mmoja, lakini upande mwingine ulikuwa uso wa mtu aliyekufa, umelegea, na nzi mmoja ambaye mtu alimfukuza kwa jani. Kijana akaondoka, kofia bado mkononi.

Nyuma yake sauti ilisema, "Labda ni sanamu." Mwingine akamkaripia kwa Kinyakyusa, kwa ukali.

Mchungaji alipomaliza, baba mdogo alisimama.

"Mnanijua," alisema. "Mmenisikia nikinyamaza miaka mingi. Shangazi yangu hakupotea. Alikufa kwa homa, nilimfumba macho mimi, na nikamzika mimi. Hakuna mgomba. Niliwaacha mwamini kwa sababu nilikuwa naogopa. Leo naogopa zaidi, kwa hiyo nasema."

Kelele zikapanda. Mzee mmoja wa rika lake alisimama, akapaza sauti: "Umetufanya wajinga! Nimewasimulia wajukuu zangu kwamba nilimwona akiingia majini!"

"Ulimwona?"

"Niliambiwa!"

Watu wakacheka, hata msibani, na kicheko kile kilimlazimisha mzee yule kukaa. Hapo mwalimu akaomba nafasi. Alisimama kivulini, kofia kichwani, akasema hatasema mengi, wamuulize yeye.

Mwanamke mmoja akauliza kilichokuwa vichwani mwa wengi. "Mwalimu, samahani. Mama yenu alitoka nje ya ndoa? Au mzungu?"

"Hapana, mama. Baba yetu ni yuleyule mliyemjua. Sikilizeni. Kila mtu ana maelekezo ya rangi ya mwili kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Mawili. Moja likiwa na hitilafu, lile zima linatosha, unakuwa mweusi na hujui. Baba yangu alibeba moja lenye hitilafu, mama naye moja. Mtoto akipata yale mawili mabovu, anazaliwa kama mimi. Kwa wazazi wa hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Ukitazama mtu au usipotazama, haibadiliki. Hata wewe unaweza kuwa umebeba. Hata mchungaji."

Mchungaji akajipapasa, watu wakacheka tena.

"Mbona mwanao mweusi?"

"Amepata moja bovu kwangu, na zima kwa baba yake. Na haiambukizi. Nimewashika watoto wenu mikono miaka yote, nani amegeuka rangi?"

Ndipo mwanaume mmoja, mvuvi, kutoka nyuma kabisa, akauliza swali ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. "Na zile habari za utajiri?"

Nilimtazama baba mdogo, alikuwa amelishika jeneza.

"Hii mifupa," mwalimu alisema, akainua mkono wake, "ninayo tangu nizaliwe. Nalala nayo. Naoga nayo. Ingekuwa na utajiri, ningekuwa mimi wa kwanza kuuona. Kaka yangu alikuwa na mifupa yote na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Anayekuambia ukalete kiungo anataka hela yako. Nyavu zako zikirudi tupu atakuambia umeleta kibaya, lete kingine. Wewe utafungwa, mimi nitakuwa nimekufa, yeye ataendelea kula. Umewahi kumwona mganga huyo akiwa na boti lake?"

Mvuvi aliinamisha kichwa. "Ndaga," alisema, yaani asante, kwa sauti ndogo.

Tulimteremsha. Nikaweka mbao, nikalaza wavu wa nondo juu yake, tukamwaga zege likiwa bichi kama uji, tukalisawazisha. Nililifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na majani ya migomba juu yake, kwa sababu zege linalokauka haraka kwenye joto hupasuka. Lilitakiwa kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Kijana wa kofia nyekundu ndiye aliyekuja na ndoo. Sikumwomba. Simjui moyo wake hadi leo. Baadaye nilimsikia tena kijiweni akitania watu wengine kwa mengine, na sijui kama neno lile aliliacha au aliacha kulisema nikiwepo.

Wanaume walilala pale hadi matanga yalipovunjwa. Walicheza bao, waligombana juu ya mpira, walikula ndizi na samaki, na wote walikuwa wamelizunguka zege. Siku mbili za mwanzo nilisikia kila pikipiki iliyopunguza mwendo njiani. Moja ilisimama kabisa alfajiri, taa imewashwa, watu wawili juu yake. Wanaume waliokuwa wamejilaza wakaanza kuinuka mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana, mpaka wakawa safu nzima ya watu waliosimama na mablanketi mabegani. Pikipiki ikageuza. Mtendaji alichukua namba zake, na polisi waliniita mara mbili kutoa maelezo. Kama walimpata mtu wa soda, hakuna aliyeniambia.

Kazi yangu ya mwisho Bujonde ilikuwa stoo. Baba mdogo alitoa magunia yote nje na kubomoa ukuta wa mbele, ili mahali pale pawe wazi kama kaburi lingine lolote. Watu walikuja kuchungulia. Nilimwaga zege jipya juu ya lile la zamani, na mzee alilimwagilia mwenyewe, asubuhi na jioni, kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

Wengine hawakukubali. Mama wa duka alianza kuniangalia tena usoni, lakini aliniambia kwa upole kwamba upande wa Mwaya bado wanasema kuna mgomba chini ya lile zege, na kwamba fundi kutoka Sengerema ndiye aliyesaidia kudanganya. Neno hilo lilinichoma zaidi ya nilivyotegemea. Nilikuwa nimeanza kuzoeleka na kushukiwa kwa wakati mmoja, na miguu ikaanza kuwasha.

Asubuhi niliyoondoka nilipita kwa mwalimu kuaga. Nilimkuta na wageni. Mwanamke kutoka Talatala alikuwa ameketi kibarazani na msichana mdogo mwenye ualbino, aliyefunikwa shuka kuanzia kichwani. Mama alikuwa amemlea ndani ya nyumba tangu azaliwe, akimtoa nje gizani tu. Alikuwa msibani, alisema, akisimama nyuma kabisa, na amechukua muda mrefu kufikiri.

"Akija shule watamwona," mama alisema. "Watajua yupo."

"Ndiyo," mwalimu alijibu. "Watajua yupo. Hapo ndipo wataona akikosekana."

"Unaniahidi hatapata neno?"

Msichana alikuwa ameshatoa mkono nje ya shuka na kugusa ukingo wa kofia ya mwalimu.

"Siwezi kukuahidi, mama. Nitakuambia nitakachofanya. Atakaa mbele. Ataonana na daktari wa macho na wa ngozi. Atakuja na kurudi na kundi, hatembei peke yake hata siku moja. Na darasa zima nitalifundisha kabla hajaingia, na wazazi wao nitawaita. Nikishindwa, utakuwa umenisikia nikisema."

Mama alimwangalia mwanawe, akaangalia barabara iliyokuwa ikianza kupata joto. Nilidhani atasimama aondoke. Alivuta shuka polepole, akalikunja, akaliweka mapajani.

Jua lilikuwa bado chini, kwa hiyo waliondoka mapema, wote watatu, kuelekea shuleni. Kabla ya kutoka mwalimu alinishika mkono, akasogeza uso karibu kama siku ile ya kwanza, akaniambia, "Nenda salama, fundi. Huko kwenu wasalimie, uwaeleze na wao." Nikasema nitawaeleza.

Nilisubiri gari la Mbeya njiani nikiwa na begi na mfuko wa zana. Kutoka pale niliwaona wakipita mbele ya kijiwe. Pikipiki zilikuwa zimezimwa. Mwalimu alisalimia, na kwa mara ya kwanza niliona mama yule akisalimia pia, kwa sauti, akimtaja mwanawe. Mtu mmoja akaitikia. Sikusikia ni nani. Gari lilifika, nikapanda, na sijarudi Kyela tena.